Mizani Ilionyesha Sifuri, Bado Ikadanganya

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu sisi wa upande wa lishe. Wengi wenu mnatuona tu asubuhi tukibeba ubao mrefu kichwani kama mafundi wa vitanda, mnatuuliza tunaenda kuuza wapi. Leo tunaeleza ule ubao ni wa nini, na kwa nini mwezi uliopita tulizunguka vituo vyote vya lishe hapa kambini tukiwa na jiwe la chuma la kilo 5 ndani ya begi la shule.

Mambo yalianza na ripoti. Nesi anayekusanya hesabu za kila mwezi aliona kitu kwenye kituo kimoja (hatutakitaja, wanaohusika wanakijua). Pale, watoto waliokonda walikuwa wachache kuliko vituo vya jirani. Ukisoma hapo unafurahi. Lakini kwenye karatasi hiyohiyo, watoto waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao, walikuwa wengi kuliko kwa majirani. Mgao wa chakula ni uleule, bomba la maji ni lilelile, watoto wanacheza pamoja. Nesi akatuita akasema: "Vijana wangu, mtaa mmoja hauwezi kunenepa na kufupika kwa wakati mmoja. Nendeni mkaangalie vyombo."

Tueleze kidogo kwa wale ambao hawajawahi kukaa kwenye meza ya kupima. Mtoto wa chini ya miaka 5 akija tunachukua uzito na urefu, na tunauliza umri. Halafu tunafungua jedwali la Shirika la Afya Duniani, lile la mwaka 2006. Uzito ukilinganishwa na urefu unakuambia kama mtoto amekonda. Urefu ukilinganishwa na umri unakuambia kama amedumaa. Sasa fikiria ubao unaopunguza urefu wa kila mtoto. Kwa hesabu ya kwanza mtoto anaonekana ana nyama ya kutosha, maana kilo zake zinagawiwa kwenye mwili mfupi. Kwa hesabu ya pili anaonekana amedumaa. Hizo mbili zikienda kinyume namna hiyo, na mtaa wa jirani hauko hivyo, ubao ndio wa kwanza kushukiwa kabla hujamshuku mtu. Ndiyo nesi aliona, na aliona kwa kukaa tu na karatasi.

Tukaenda. Kwenye kile kituo kuna mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso kama saa, inafungwa kwenye boriti na mtoto anavalishwa kisuruali chenye kamba. Ina alama za gramu 100 mpaka kilo 25. Dada anayepima alitukaribisha vizuri, akatuonyesha kwamba kila asubuhi anafunga kisuruali kitupu, anazungusha kile kibonyezo cha juu mpaka mshale ukae kwenye sifuri. Ni kweli alikuwa anafanya, na alifanya mbele yetu bila kukosea. Mshale ulikaa kwenye sifuri kabisa.

Tukatundika lile jiwe la kilo 5. Mizani ikasoma 5.2.

Jiwe hatukuliokota. Ni jiwe la mizani la chuma, lina muhuri wa Wakala wa Vipimo, tuliliazima kwenye kituo cha kugawa chakula kwa sababu pale mizani zao zinakaguliwa. Tulipewa mawili. Tukaongeza la pili, zikawa kilo 10. Mshale ukaenda 10.4.

Hapo ndipo pa kuelewa vizuri, maana watu wengi tuliowafundisha baadaye walikwama hapohapo. Ndani ya mizani ya aina hii kuna springi. Kila springi inavutika kiasi fulani kwa kila kilo, na ule uso wa saa umechorwa kufuata springi ikiwa mpya. Ikibebeshwa miaka mingi, au watoto wa jirani wakining'inia kwa mchezo, au mtu akitundika gunia la mahindi kuona kama mgao umepunguzwa (tunajua mnafanya), inalegea. Springi iliyolegea inavutika zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo mshale unazidi. Ikiwa haijabeba kitu, ukizungusha kibonyezo unaweza kuirudisha kwenye sifuri na ikakaa. Lakini sifuri haibebi kitu. Kosa linajificha mpaka uweke mzigo, na kadiri mzigo unavyokua na kosa linakua nao. Gramu 200 kwenye kilo 5, gramu 400 kwenye kilo 10: ni asilimia 4 kila mahali. Mtoto wa kilo 7.4 kwenye mizani hiyo anasomeka 7.7.

Kwa hiyo kuangalia sifuri peke yake hakutoshi, na kupima na jiwe moja kunakwambia tu kwamba kuna kosa bila kukwambia ni kosa la aina gani. Mawe mawili yanakwambia. Kama 5 ingesoma 5.2 na 10 ikasoma 10.2, hilo lingekuwa kosa lisilobadilika, na huenda mshale tu umepinda au sifuri haikukaa sawa. Kibonyezo kingelimaliza. Likikua pamoja na mzigo, hakuna cha kuzungusha. Mizani inaondoka.

Kanuni tuliyopewa ni rahisi: ikikosea zaidi ya gramu 100 kwa jiwe linalojulikana, isitumike siku hiyo. Papa mmoja wa ulinzi pale kituoni akatuuliza, "Sasa wanangu, si mngeandika tu kwenye karatasi kwamba muondoe asilimia 4?" Swali lake si baya. Lakini springi iliyoanza kulegea haisimami hapo. Leo ni 4, baada ya mwezi ni 6, na hatuna mtu wa kukaa na kalkuleta kila mtoto akishuka. Halafu siku mizani mpya ikija, yupo atakayeendelea kuondoa.

Na mizani za betri, zile za kusimama juu yake? Hizo nazo tulizipima, na zilikuwa sawa kwenye vituo vyote isipokuwa kimoja, na pale shida haikuwa ya mizani. Iliwekwa juu ya udongo laini. Mguu mmoja ukizama, namba inacheza, na mama akisimama amembeba mtoto ndiyo inazidi kucheza. Tukaomba kipande cha ubao mnene kutoka kwa fundi seremala, tukakilaza chini, jiwe likasoma 5.0 mara tatu mfululizo. Hapo hatukukaa sana.

Sasa ubao wa urefu. Huu ndio uliotuchukua muda.

Kwa wasiojua: ni ubao mrefu wenye kibao kisichotembea upande mmoja, ambapo kichwa cha mtoto kinagusa, na kibao kinachotelezeshwa upande wa pili mpaka kwenye nyayo. Pembeni kumebandikwa tepu ya sentimita yenye alama ndogo za milimita. Mtoto wa chini ya miaka 2 analazwa. Zaidi ya hapo anasimama, na ubao unasimamishwa kwa ukuta. Hapo kile kisichotembea kinakuwa chini ya miguu. Kama umri haujulikani tunatumia sentimita 87 kama mpaka. Usimsimamishe wa kulala wala usimlaze wa kusimama bila kurekebisha, maana mtu akilala anakuwa mrefu kidogo, na jedwali linahesabu tofauti hiyo kuwa sentimita 0.7.

Kupima ubao unahitaji fimbo. Tulichukua bomba jembamba la alumini lililobaki kwenye ujenzi wa vyoo, tukalikata kwa msumeno wa chuma, tukalipima kwa tepu ya chuma ya fundi mpaka likawa sentimita 100 kamili. Ubao tukaulaza mezani, fimbo tukaiweka katikati, mwisho mmoja umegusa kibao cha kichwa, tukasukuma kibao cha miguu mpaka kikagusa. Kilitakiwa kusoma 100.0. Kilisoma 98.8.

Tukasafisha vumbi kwenye kona, tukarudia. 98.8. Tukageuza fimbo. 98.8. Tukakata kipande kingine cha sentimita 60, kikasoma 58.8. Unaona tofauti na mizani? Hapa kosa halikui. Mtoto mdogo anapoteza sentimita 1.2 na mtoto mkubwa anapoteza sentimita 1.2. Maana yake tepu yenyewe ni nzima, lakini imebandikwa mahali ambapo si pake. Tukaangalia mwanzo wa tepu upande wa kichwa, na kweli, kati ya kibao na sifuri palikuwa na nafasi kama upana wa kidole kidogo. Wakatuambia kwamba wakati wa mvua ubao ulilala nje usiku mmoja, tepu ikabanduka, mtu akairudisha kwa gundi. Aliirudisha vizuri, imenyooka, imekaza. Ila alianzia pale gundi ya zamani ilipokuwa imeisha, hakuanzia kwenye kibao. Ukiiangalia kwa jicho huwezi kuona kitu.

Kulikuwa na jambo la pili kwenye ubao huohuo. Kibao cha miguu kilikuwa kinatikisika. Ukikisukuma kwa mkono wa juu kinainamia mbele, ukikisukuma kwa chini kinasimama. Kati ya namna hizo mbili usomaji ulitofautiana nusu sentimita. Hilo ni kosa la namna nyingine tena, maana haliegemei upande mmoja. Leo linamrefusha mtoto, kesho linamfupisha. Watu wanadhani makosa ya namna hiyo yanafutana yenyewe, na kweli wastani wa watoto wote hauhami sana. Lakini tunaohesabu waliokonda hatuangalii wastani, tunaangalia wale wa pembeni kabisa. Makosa ya kutawanyika yanasukuma watoto huku na huku, na kwa kuwa walioko katikati ni wengi kuliko walioko pembeni, wanaosukumwa kwenda pembeni wanakuwa wengi kuliko wanaorudishwa. Mwisho unahesabu waliokonda zaidi kuliko walivyo kweli. Ndiyo maana kwenye tafiti za SMART wanaangalia pia mtawanyiko: namba inayoonyesha watoto wametawanyika kiasi gani kwenye uzito kwa urefu inatakiwa kukaa kati ya 0.8 na 1.2, na ikizidi hapo wanaanza kuuliza upimaji ulikuwaje.

Turudi kwenye kosa kubwa, lile la kuegemea. Twende na mtoto mmoja tuhesabu, mtoto wa mfano tu. Urefu wake wa kweli ni sentimita 75.0 na uzito wake wa kweli ni kilo 7.4. Kwenye jedwali, mtoto wa kiume wa urefu huo akiwa na uzito huo yuko chini kidogo ya mstari wa -3. Huyo ni mkali, anaingizwa kwenye matibabu na kupewa paketi za karanga.

Mpeleke sasa kwenye kile kituo. Mizani inamwongezea gramu 300, anasomeka 7.7. Ubao unamwondolea sentimita 1.2, anasomeka 73.8. Kwenye urefu wa karibu hapo, kila sentimita moja inahamisha ile mistari ya jedwali kama gramu 200 hivi. Kwa hiyo kumfupisha sentimita 1.2 ni sawa na kumpa zawadi ya gramu 240. Jumlisha na zile 300 za springi, unapata gramu 540. Na kutoka mstari wa -3 mpaka mstari wa -2, kwa mtoto wa urefu huo, nafasi yote ni kama gramu 600. Mtoto mkali ameandikwa kama mtoto aliye karibu kabisa kutoka hata kwenye kundi la kati. Hakuna aliyesoma vibaya, na dada wa pale aliandika kilekile alichokiona.

Bahati yao, na bahati ya watoto, ni kwamba jedwali halikuwa mlango peke yake. Mkanda wa mkono ukisoma chini ya milimita 115 mtoto anaingia bila kujali mizani inasema nini, na aliyevimba miguu yote miwili pia anaingia. Lakini mkanda na jedwali havikamati watoto walewale. Wako wanaokamatwa na jedwali tu, na hao ndio waliokuwa wanarudishwa nyumbani na mama zao.

Basi tukafanya nini na daftari? Hapo palikuwa na ubishi mrefu kati yetu. Wengine walitaka turekebishe namba za nyuma: toa asilimia 4, ongeza sentimita 1.2, maliza. Nesi akakataa, na baada ya kumsikiliza tukakubaliana naye. Springi ilianza kulegea lini? Hakuna ajuaye. Tepu ilibandikwa mvua ya mwezi gani? Mmoja anasema Machi, mwingine anasema kabla ya Krismasi. Ukirekebisha namba ambayo haikuwa na kosa umetengeneza kosa jipya, tena lenye sura ya usahihi. Tukafanya hivi: kwenye daftari tukapiga mstari kwa kalamu nyekundu, tukaandika tarehe na maneno "vyombo vimebadilishwa, mizani ilizidisha asilimia 4, ubao ulipunguza sm 1.2", tukaweka sahihi. Namba za juu ya mstari hazikuguswa. Halafu wahamasishaji wa afya wakapita nyumba kwa nyumba kuwaita tena watoto waliopimwa wiki nne za mwisho ambao hawakupokelewa au walipokelewa kwa kundi la kati.

Jambo moja liwasaidie wengine: waambieni akina mama mapema. Siku ya kupima tena, mtoto aliyesomeka 8.3 juzi anasomeka 8.0 leo. Mama mmoja alitaka kulia. "Nimemlisha wiki tatu, leo mnaniambia amepungua?" Tukamwonyesha lile jiwe, tukalitundika kwenye mizani ya zamani, tukalitundika kwenye mpya. Akaangalia mishale yote miwili, akasema, "Kumbe na nyinyi mnadanganywa." Baada yake tulianza kumwonyesha kila mama kabla ya kumvua mtoto nguo, na foleni ikaenda kimya.

Vyombo vikawa sawa. Sasa ikabaki mikono yetu.

Kwa watu kuna jaribio linalofanyika kabla ya tafiti, na tuliliomba lifanyike kwetu pia. Wanaletwa watoto 10. Kila mpimaji anampima kila mtoto mara mbili, lakini si papo kwa papo. Anazunguka watoto wote 10 kwanza, anakabidhi karatasi, anapumzika, halafu anaanza upya kwa karatasi nyingine bila kuona ya kwanza. Hilo la kutokuona ndilo jaribio lenyewe. Ukimpa mtu karatasi yake ya kwanza, ya pili itafanana nayo tu, sisi ni binadamu. Msimamizi naye anapima, ndiye wa kulinganishwa naye.

Halafu unachukua tofauti kati ya mara ya kwanza na ya pili kwa kila mtoto. Kuna programu ya ENA inayohesabu yenyewe, lakini tuliona afadhali tuhesabu kwa mkono mara moja ili tujue inafanya nini. Fomula ni hii, D ni tofauti na N ni idadi ya watoto:

```
TEM = √( ΣD² / 2N )
```

Mwenzetu mmoja alipata tofauti hizi za urefu, kwa sentimita: 0.2, 0.5, 0.1, 0.8, 0.3, 0.0, 1.4, 0.4, 0.2, 0.6. Kila moja unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha zote, unapata 3.55. Unagawa kwa 20, inakuwa 0.1775. Kipeuo chake cha pili ni kama 0.42. Kwa urefu, chini ya 0.4 ni vizuri, chini ya 0.6 inakubalika, kwa hiyo alipita lakini si kwa kifua mbele. Sasa angalia yule mtoto wa saba, mwenye 1.4. Mtoe huyo peke yake, hesabu ya watoto tisa waliobaki inashuka mpaka 0.30. Mtoto mmoja alibeba zaidi ya nusu ya makosa yote, kwa sababu kuzidisha tofauti kwa yenyewe kunaipa tofauti kubwa sauti kubwa.

Tukamuuliza ilikuwaje kwa huyo wa saba. Alikuwa analia, anarusha miguu. Mara ya kwanza alishika goti moja, lingine likabaki limepinda. Mara ya pili msaidizi alisaidia kushika yote mawili. Ndiyo hiyo sentimita 1.4. Kwa hiyo mafunzo yake hayakuwa somo zima upya. Yalikuwa goti tu: mkono wa kushoto juu ya magoti yote mawili, kubonyeza taratibu, mkono wa kulia unaleta kibao mpaka nyayo zote zilale. Na kichwa ni kazi ya msaidizi, yeye asikiguse.

Mwingine alitushangaza kwa njia nyingine. Tofauti zake kati ya mara mbili zilikuwa ndogo sana, bora kuliko wote. Lakini ukimlinganisha na msimamizi, kwa watoto wa kike alikuwa juu karibu sentimita 1 kila mara. Nywele! Watoto wamesukwa juu, na yeye kwa huruma hakutaka kubonyeza kibao kichwani. Alikuwa anakosea kwa uaminifu mkubwa, na ile fomula peke yake isingemkamata kamwe, maana inapima kama unakubaliana na wewe mwenyewe. Hapa ndipo msimamizi ni wa lazima. Dawa yake ni kubonyeza mpaka kibao kiguse fuvu, na kama mafundo ni makubwa kumwomba mama ayafungue upande wa juu. Akina mama hawapendi. Kusuka kunachukua saa tatu. Tunawaomba wahamasishaji waseme siku moja kabla.

Kitu cha mwisho tulichofanya hakihitaji chombo chochote. Tulifungua daftari la kituo kingine, tukachukua urefu wa watoto 100 waliofuatana, tukahesabu tarakimu ya mwisho tu, ile baada ya nukta. Watoto hawazaliwi wakiwa na mapenzi na sifuri, kwa hiyo kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 inatakiwa kutokea kama mara 10, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Tulipata 0 mara 37 na 5 mara 24. Tarakimu nane zilizobaki ziligawana 39. Maana yake pale mtu anasoma "themanini na mbili" au "themanini na mbili na nusu" na kufunga hesabu, milimita hazisomi. Chanzo, tulipoenda kuona, kilikuwa mwanga. Ubao uko kwenye kona ya giza nyuma ya pazia, na alama za milimita zimefutika kati ya 70 na 90, pale vidole vya kila mtu vinapopita. Tukausogeza mlangoni na kuomba tepu mpya. Tuliwaomba pia msomaji atamke namba kwa sauti, mwandishi airudie kabla ya kuandika, na isiandikwe 82 peke yake: ni 82.0 au ni kitu kingine.

Wiki tatu baadaye tulihesabu tena mia nyingine. Sifuri zilikuwa 16, tano zilikuwa 13. Bado zimezidi kidogo, tutarudi.

Kwa sasa kila kituo kina fimbo yake ya sentimita 100, imetundikwa kwa msumari ukutani, juu ya mikono ya watoto. Mawe ya mizani ni mawili tu kwa kambi nzima na lazima yarudi kwenye ugawaji, kwa hiyo tumejaza mchanga mkavu kwenye madumu madogo, tukayafunga kwa gundi na kuyapima kwenye mizani iliyokubaliana na jiwe, tukaandika uzito wake kwa rangi. Dumu la kituo chetu ni kilo 5.3. Hatukujisumbua kulifikisha 5 kamili, linatakiwa tu lisibadilike. Kila asubuhi linatundikwa kabla ya mtoto wa kwanza, namba inaandikwa juu ya ukurasa wa siku hiyo. Mchanga uwe mkavu kweli, wenzetu. Kituo kimoja walijaza wa mtoni ukiwa mbichi, dumu likavuja pembeni, na baada ya siku kumi lilikuwa limepungua gramu 150 wakati wao wanailaumu mizani.

Mwenye bomba la alumini lililobaki atuandikie hapa chini, bado tunahitaji fimbo mbili.